Konti imefungwa sababu ya neno la siri, na kode za mesaje hazifiki (niko Birere, Goma)

mama_neema_birere · Ijumaa, 22:41

Jambo kwenu wote. Naomba msaada kabla ya Jumapili.

Mimi ni katibu wa likelemba yetu, tuko wamama 22. Jedwali lote la michango, nani ametoa, nani anadaiwa, nani atakula mwezi huu, liko ndani ya konti yangu ya imeli. Jumapili tunakutana na ni lazima nilisome mbele ya wote.

Alhamisi nilibadilisha neno la siri kwenye kompyuta ya kazini, na mchana wote lilifanya kazi vizuri. Leo saa kumi na mbili jioni nikiwa nyumbani, nikataka kuingia kwa simu mpya. Limekataa. Nimerudia labda mara kumi, na kila mara naandika polepole, herufi kwa herufi. Halafu konti ikafungwa: nimejaribu mara nyingi mno, nirudi baadaye.

Nikachagua njia ya kutumiwa kode kwenye namba yangu. Namba ni ileile ya miaka yote, iko ndani ya simu hiihii. Nimeomba mara tano, kati ya 18:40 na 19:20. Hakuna kitu kilichofika. Intaneti inaenda vizuri kabisa, natumia waifai ya nyumba.

Sasa jambo la ajabu. Saa tatu usiku nilipanda Katindo kumwona dada yangu. Nilipofika tu, simu ikalia mara tano mfululizo. Kode zote tano kwa pamoja! Nikaandika ya kwanza, ikakataa. Ya pili, ikakataa. Nilipoandika ya tatu wakanifungia tena.

Nifanye nini? Na kwa nini kode zinifuate Katindo?

kasongo_lshi · Ijumaa, 22:58

Pole mama. Mimi hapa Lubumbashi yalinipata hayohayo. Pini ya pesa ya simu niliikosea mara tatu, ikafungwa. Usihangaike na kode. Enda na kadi yako ya mpiga kura kwenye ofisi ya kampuni ya simu, wataangalia jina, wataifungua palepale. Mimi nilitumia dakika ishirini tu, na foleni ndani yake.

mama_neema_birere · Ijumaa, 23:04

Aksanti papa, lakini si pesa ya simu. Ni konti ya imeli. Ofisi ya simu hawana funguo yake.

mwl_kigoma · Ijumaa, 23:20

Habari za usiku kutoka Kigoma. Dada, tatizo hilo nalifahamu. Kila laini ina namba ya kituo cha ujumbe ndani yake. Ikifutika au ikiwa na kosa, ujumbe haufiki. Piga

```
*#*#4636#*#*
```

fungua habari za simu, shuka mpaka uone `SMSC`, kisha uandike namba sahihi ya kampuni yako. Shemeji yangu alifanya hivyo na ujumbe wake ukaanza kwenda.

fundi_katindo · Ijumaa, 23:47

Mama Neema, kabla ya yote: usiku huu usiguse tena hiyo konti. Usijaribu neno la siri lingine, usiombe kode nyingine. Nitakueleza sababu.

Mwalimu, umesema kweli nusu. Namba hiyo ipo, na ikiharibika ni shida kweli, lakini ni shida ya *kutuma*. Simu inaitumia kujua ipeleke wapi mesaje inayotoka. Mesaje inayokuja haiisomi, inakuja na njia yake yenyewe. Angalia neno lako mwenyewe: ujumbe wa shemeji ulianza *kwenda*. Mama Neema hatumi kitu, anangoja. Na akiandika namba hiyo vibaya, kesho atakuwa na matatizo mawili.

Mama, jibu umeliandika wewe mwenyewe: "nilipofika Katindo, tano kwa pamoja." Maana yake waliokutumia kode walituma, na kampuni yako ya simu ilizipokea. Kode zako zilikaa kwenye stoo ya kampuni zikikutafuta. Simu yako ndiyo haikupatikana. Naomba uniangalizie vitu viwili.

Cha kwanza, fungua moja ya zile mesaje tano, ubonyeze bila kuachia, ufungue maelezo yake. Utaona saa mbili: ya kutumwa na ya kupokelewa. Niandikie zote mbili.

Cha pili, ukirudi Birere, tazama juu ya simu pembeni ya mistari ya rezo. Je, kuna herufi R? Na jina la rezo ni la hapa au la ng'ambo?

mama_neema_birere · Jumamosi, 06:12

Nimeamka na hilo. Mesaje ya kwanza: imetumwa 18:41, imepokelewa 21:07. Ya mwisho: imetumwa 19:19, imepokelewa 21:07. Zote zimepokelewa dakika moja!

Na niko nyumbani sasa. Ndiyo, kuna R. Jina la rezo ni la Rwanda. Sikuwahi kulitazama, mistari imejaa minne na mimi nikajua rezo iko sawa.

fundi_katindo · Jumamosi, 06:40

Basi tumeishika.

Wenye kukaa Birere wanajua: kutoka mlangoni kwako mpaka Gisenyi ni hatua chache, na mnara wa ng'ambo mara nyingine unasikika kwa nguvu kuliko wa kwetu, hasa ndani ya nyumba yenye ukuta upande huu na dirisha upande ule. Simu ikipoteza rezo ya kwetu kidogo tu, inashika ya Rwanda. Baada ya muda inarudi. Halafu inaenda tena. Kila inapohama, kampuni yako inapaswa kupashwa habari uko wapi. Mesaje ikifika wakati huo inatumwa ulipoonekana mwisho, haikukuti, inarudishwa kwenye stoo. Watajaribu tena baada ya dakika chache, kisha baada ya muda mrefu zaidi, na kila wakikukosa vipindi vinarefuka. Na kama laini yako haikufunguliwa kutumika nje ya nchi, unaweza kuona mistari imejaa lakini hupati simu wala mesaje.

Kilichokudanganya ni waifai. Intaneti ilikuwa inapita kwenye waifai, ukaona simu ni nzima. Kwa kawaida waifai haileti mesaje za namba.

Ulipopanda Katindo, simu ikajiandikisha upya kwenye rezo ya kwetu, kampuni ikajua umepatikana, wakamwaga zote tano.

Na kwa nini zilikataa? Ukiomba kode mpya, kwa kawaida ile ya zamani inakufa papo hapo. Kati ya tano ni ya tano peke yake ingeweza kukubali, nayo ilikuwa imeshalala karibu saa mbili. Kode hizi huishi dakika chache. Wewe ukaanza na ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na kwao hiyo inaonekana kama mtu anayebahatisha.

dada_himbi · Jumamosi, 07:15

Samahani naingilia. Mama Neema, kuna mtu akikuandikia pembeni kwamba atakufungulia konti ukimpa namba na kode, usikubali. Mimi mwaka jana nilimpa mtu kode ya tarakimu sita akisema ni ya kuniingiza kwenye kundi la kanisa. Kumbe ilikuwa kode ya WhatsApp yangu. Akaingia, akaweka pini yake mwenyewe, na mimi sikuwa nimeweka imeli ya kurudishia. Niliweza kumtoa kwa kujiandikisha upya na kode mpya, lakini pini ilinizuia kuingia, nikangoja siku 7 nzima. Siku hizo zote nilikuwa nje, na tayari alikuwa ameomba pesa kwa shangazi zangu wawili.

mama_neema_birere · Jumamosi, 07:22

Dada yangu, kweli kuna mmoja ameniandikia usiku. Sikumjibu. Aksanti.

Fundi, sasa nifanye nini leo? Nizime waifai nijaribu?

fundi_katindo · Jumamosi, 07:50

Hapana, bado. Shida zako ni mbili, kufuli na njia ya mesaje, na usizichanganye.

Kufuli la neno la siri ni la saa. Linafunguka lenyewe ukiliacha. Wamekuandikia urudi baadaye. Ulifungiwa mara ya mwisho jana usiku, na sitashangaa kila jaribio jipya likirudisha saa mwanzo. Kwa hiyo liache mpaka alasiri. Najua Jumapili iko karibu, lakini saa nane za kungoja leo zitakuokoa siku tatu.

Wakati huo, tengeneza njia ya mesaje. Hii haigusi konti, unaweza kuifanya mara mia.

Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya rezo za simu, mahali pa kuchagua kampuni. Kuna kitufe cha kuchagua rezo yenyewe kwa yenyewe. Kizime. Simu itatafuta, inaweza kuchukua dakika mbili tatu, usiikatize. Itakuletea orodha. Chagua kampuni yako ya hapa. Simu nyingine hazionyeshi majina, zinaonyesha namba tu: zinazoanza na 630 ni za Kongo, zinazoanza na 635 ni za Rwanda. Ukichagua yako, simu haitavuka tena mpaka hata kama mnara wa ng'ambo ni mkubwa. Afadhali mistari miwili ya kwetu kuliko minne ya kule.

Kisha umwombe mtu mmoja akutumie mesaje ya kawaida, siyo ya WhatsApp, na uhesabu sekunde. Ikifika mara moja, njia iko wazi. Isipofika, hakuna haja ya kuomba kode, itapotea kama zile.

ya_ombeni_ndosho · Jumamosi, 08:31

Kaka fundi, na mimi je? Niko Ndosho, mbali na mpaka, R hakuna, mesaje za watu zinafika. Kode tu ndizo hazifiki. Laini niliinunua barabarani miaka miwili iliyopita, muuzaji akaiandikisha mwenyewe, sijui kwa jina gani.

fundi_katindo · Jumamosi, 08:55

Ombeni, yako ni ugonjwa mwingine. Kwanza fungua sanduku la mesaje zilizozuiwa ndani ya programu yako ya mesaje. Kode nyingi zinakuja na jina au namba fupi, na simu nyingine zinazitupa huko pamoja na matangazo. Pili, tazama namba ilivyoandikwa kwenye konti. Inatakiwa `+243` kisha tarakimu tisa. Wengi hawaondoi ile sifuri ya mwanzo, wanaandika `+2430` na kuendelea. Konti nyingine zinairekebisha zenyewe, nyingine zinaituma hivyo hivyo na haifiki popote.

Jina la muuzaji halizuii kode. Lakini siku laini ikipotea, ofisini watataka kitambulisho chenye jina lililoandikishwa, na hapo sijui utampata wapi yule muuzaji. Nenda ubadilishe jina sasa, wakati laini ikiwa bado mkononi mwako.

ya_ombeni_ndosho · Jumamosi, 09:40

Sanduku la waliozuiwa ni tupu. Namba imeandikwa vizuri. Nimeomba kode ya programu nyingine kabisa, hiyo imefika. Kwa hiyo ni konti moja tu.

fundi_katindo · Jumamosi, 10:02

Basi shida iko kati ya wenye konti na kampuni yako, kwenye njia wanayopitisha mesaje zao. Mimi na wewe hatuwezi kuishika kutoka hapa. Kama wanatoa njia ya kupigiwa simu na kusomewa kode kwa sauti, chagua hiyo, haipiti njia ya mesaje. Isipokuwepo, peleka malalamiko pande zote mbili, ukiwaandikia saa kamili ulizoomba.

kasongo_lshi · Jumamosi, 11:30

Sasa nimeelewa swali, mama samahani, jana nilisoma haraka. Hili la mpaka ni kweli kabisa. Mimi huwa nashuka Kasumbalesa kwa kazi ya magari, na kule simu inashika Zambia hata nikiwa bado upande wetu. Kwenye orodha naona 645. Siku nzima hupati mesaje, jioni njiani kurudi zinamwagika. Nilidhani simu ndiyo imechoka, nikanunua nyingine.

mama_neema_birere · Jumamosi, 16:48

Nimeingia! Nimeingia!

Naandika jinsi ilivyokwenda ili mwingine aikute. Nilizima kile kitufe, orodha ikachukua kama dakika mbili, nikachagua kampuni yangu. R ikaondoka, mistari ikabaki miwili. Dada yangu akanitumia mesaje ya kawaida, nilihesabu mpaka sita ikalia. Lakini niliogopa Birere, nikapanda kwake Katindo vilevile. Saa kumi na nusu nikafungua ukurasa, kufuli lilikuwa limeondoka. Nikaomba kode mara moja tu, nikaweka simu mezani, nikakaza mikono. Haikumaliza dakika. Nikaiandika, wakanipa nafasi ya kuweka neno la siri jipya. Jedwali liko lote, mistari 22, hata mchango wa mama wa mwisho niliouandika Alhamisi.

Kitu kimoja kinanisumbua. Neno la siri la Alhamisi nililijua. Sikulisahau. Nimelitunga mwenyewe, na mchana ule nililiandika mara tatu likakubali. Kwa nini simu ililikataa mara kumi?

mwl_kigoma · Jumamosi, 17:20

Hongera dada. Na fundi, asante kwa kunirekebisha, sikuwa nimetofautisha kutuma na kupokea. Kuhusu neno la siri, nadhani ni herufi kubwa. Simu hukuza herufi ya kwanza yenyewe, na ukichagua neno linalopendekezwa inaongeza nafasi mwishoni. Huioni kwa sababu ya vile vidoti.

fundi_katindo · Jumamosi, 18:05

Mwalimu, inawezekana, hilo nimeliona mara nyingi. Lakini mama alisema aliandika herufi kwa herufi. Mama Neema, kompyuta ya kazini ina klavie ya Kifaransa, AZERTY? Na kuna mtu mwingine anayeitumia?

Na leo hii, ukiwa ndani, toa kode za akiba. Kwenye konti za Google, kwa mfano, ukiwa umewasha uthibitisho wa hatua mbili unapewa 10, kila moja ya tarakimu nane, na kila moja inatumika mara moja tu. Zinakubali bila rezo, bila laini, bila mesaje. Ziandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na daftari la likelemba nyumbani, siyo ndani ya simu. Pia kuna programu inayotengeneza kode ndani ya simu yenyewe kila sekunde 30. Nayo haihitaji rezo, inataka saa ya simu iwe sahihi tu. Kwa mtu wa Birere hizo ni bora kuliko mesaje. Ila simu ikipotea na programu inaweza kupotea nayo, ndiyo maana nasisitiza karatasi.

mama_neema_birere · Jumamosi, 19:11

Kode za akiba nimezitoa na kuzinakili. Kompyuta ndiyo, ni AZERTY. Tunaitumia watatu, na kijana wa stoo anaandikaga Kiingereza.

fundi_katindo · Jumamosi, 19:30

Jumatatu fanya jaribio moja. Kwenye kompyuta hiyo fungua ukurasa mtupu, mahali ambapo herufi zinaonekana, uandike `amani24`. Siyo neno lako la siri, neno hilohilo la mfano. Kisha uniandikie kilichotokea.

mama_neema_birere · Jumatatu, 08:52

Fundi, nimekaa nikatazama. Nimebonyeza a-m-a-n-i, na kwa tarakimu nikashika kitufe cha Shift kama kawaida ya klavie hii. Kwenye ukurasa kimetoka:

```
q;qni@$
```

fundi_katindo · Jumatatu, 09:10

Ndiyo hivyo. Vitufe vina maandishi ya Kifaransa, lakini ndani kompyuta imewekwa mpangilio wa Kiingereza. Kitufe kilichoandikwa A kinatoa q, cha M kinatoa nukta mkato, na ukishika Shift kupata 2 unapata @. Alhamisi vidoti vilikuficha. Neno ulilolitunga kichwani silo lililohifadhiwa, na mchana ule lilikubali kwa sababu kila mara ulilikosea kwa namna ileile kwenye klavie ileile. Simu ikaandika neno la kweli, na lile halikuwepo.

Bonyeza Alt na Shift pamoja, halafu andika `amani24` tena.

mama_neema_birere · Jumatatu, 09:14

`amani24`. Sasa kimetoka sawa.

Nimemwita kijana wa stoo aje aone. Jana likelemba ilienda vizuri, tulimaliza saa tisa.

ya_ombeni_ndosho · Jumatatu, 12:37

Mimi bado. Kupigiwa simu hawatoi. Nimeandikia pande zote mbili, kampuni ya simu wamejibu kwamba kwao hakuna mesaje yoyote iliyofika kutoka kwa hao watu. Wenye konti hawajajibu. Nikipata neno nitarudi hapa.